Milioni 10 Zilizookolewa Ambazo Hazipo: Kusoma Hesabu ya Barabara Kisauni

Ni mwisho wa Machi, kikao cha Jumatatu. Chumba chenyewe ni kontena lililotobolewa madirisha, feni inazungusha joto lile lile, na nje greda limezimwa kwa sababu dereva anasubiri dizeli. Mhasibu anasoma karatasi yake: kufikia leo tulipanga tuwe tumetumia shilingi milioni 120, na tumetumia milioni 110. Mwenye kampuni anaegemea kiti. "Basi tumeokoa milioni 10," anasema, na hakuna anayebisha. Nani atabisha? Mia na ishirini ukitoa mia na kumi ni kumi.

Mradi huu nimeubuni ili nisimtaje mtu, lakini kikao hiki nimekikalia zaidi ya mara moja. Kila mara kosa huwa ni lile lile: watu wawili wanalinganisha pesa iliyopangwa na pesa iliyotoka, na hakuna anayeuliza barabara imefika wapi. Ukiokoa milioni 10 kwa kutofanya kazi ya milioni 32, hujaokoa kitu.

Tuuweke mradi mezani. Ni barabara ya mtaa ya kilomita 4 upande wa Kisauni, Mombasa, ya lami, yenye mtaro wa mawe upande mmoja. Muda ni miezi 12 kuanzia Oktoba. Bei ya mkataba ni milioni 264, na ndani yake mkandarasi amekadiria kwamba kazi itamgharimu milioni 240. Zile 24 zinazobaki ndizo faida yake. Shika hizi namba mbili zisichanganyike, kwa sababu baadaye zitatuletea balaa.

Hesabu tunayoitaka inahitaji namba tatu, zote za tarehe moja na zote kwa shilingi. Ya kwanza ni thamani iliyopangwa, yaani kazi ambayo ratiba ilisema iwe imekwisha kufikia leo, kwa bei ya bajeti. Ya pili ni gharama halisi, yaani kilichotumika kufanya kazi iliyofanyika. Ya tatu ndiyo iliyokosekana kwenye kontena: kazi iliyofanyika kweli, nayo ikihesabiwa kwa bei ile ile ya bajeti, hata kama imetugharimu zaidi au pungufu. Mimi huiita thamani iliyochumwa, maana ndicho kitu pekee ambacho jasho la mradi limechuma mpaka siku hiyo. Kwenye programu za kompyuta utaziona kwa herufi za PV, AC na EV, na bajeti nzima huandikwa BAC.

Hivi ndivyo mradi wetu ulivyosimama mwisho wa mwezi wa 6 wa kazi, yaani mwisho wa Machi, kwa mamilioni ya shilingi:

| Kazi | Bajeti | PV | EV | AC |
|---|---|---|---|---|
| Kambi na kusafisha njia | 12 | 12 | 12 | 13 |
| Kuchimba na kujaza udongo | 36 | 36 | 36 | 38 |
| Mitaro na kalvati | 48 | 36 | 24 | 39 |
| Tabaka la changarawe | 32 | 24 | 16 | 20 |
| Tabaka la kokoto | 48 | 12 | 0 | 0 |
| Lami | 52 | 0 | 0 | 0 |
| Kando za barabara na alama | 12 | 0 | 0 | 0 |
| Jumla | 240 | 120 | 88 | 110 |

Ukishakuwa na mstari wa mwisho wa jedwali, kilichobaki ni hesabu ya darasa la sita:

```
CV  = EV − AC = 88 − 110 = −22
SV  = EV − PV = 88 − 120 = −32
CPI = EV / AC = 88 / 110 = 0.80
SPI = EV / PV = 88 / 120 = 0.73
```

CV ni tofauti ya gharama. Kazi tuliyoifanya ilistahili milioni 88, sisi tumeilipia 110, kwa hiyo tumezidisha kwa milioni 22. SV ni tofauti ya ratiba: kazi ya milioni 32 iliyopaswa kuwa chini ya matairi ya magari leo haipo. CPI ni kiashiria cha gharama, nacho kinasema kila shilingi iliyotoka imerudi na kazi ya senti 80. SPI, kiashiria cha ratiba, kinasema tumefanya asilimia 73 ya tulichoahidi. Kiashiria kikiwa 1 uko sawasawa na mpango, kikishuka chini ya 1 unadaiwa.

Kwa hiyo kwenye kontena lile lile, kwa karatasi zile zile, kampuni haijaokoa milioni 10. Imepoteza 22 na bado imechelewa.

Fomula hizi hazina siri. Zimekuwa zikitumika tangu 1967, wizara ya ulinzi ya Marekani ilipoanza kuwadai wakandarasi wake waripoti kwa mtindo huu, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kugawanya 88 kwa 110. Ugumu ni kuipata hiyo 88 bila kujidanganya, na kuipata hiyo 110 bila kudanganywa. Na hapo inabidi tutoke kwenye kontena twende juani.

Msimamizi wa mtaro ni mzee aliyeanza kazi hizi kabla sijazaliwa. Namkuta amekaa chini ya mwarobaini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mtaro umefika wapi, mzee?"

"Sabini, mwanangu. Sabini juu kidogo."

"Sabini ya nini?"

Ananitazama kama aliyeulizwa jua hutokea wapi. "Ya mtaro!"

Hasemi uongo. Mtaro una urefu wa mita 4,000, na tunapoutembea na futi ya mita 50, kijana mmoja akishika mwanzo na mwingine akivuta, tunapata mita 2,800 zilizochimbwa. Hiyo ni asilimia 70 kamili. Lakini kati ya hizo, zilizojengwa kuta za mawe ni mita 1,800 tu, na zilizofunikwa na kurudishiwa udongo ni mita 1,300. Kwingine ni handaki tupu, lina maji ya kijani, chupa za soda na ubao ambao wenyeji wameutandika wapite kwenda dukani.

Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kazi kuanza, kwa maandishi, kila hatua inachuma kiasi gani. Kwa mtaro huu tulisema kuchimba ni asilimia 30 ya thamani ya kila mita, kujenga kuta ni 50, kufunika na kurudishia udongo ni 20. Basi hesabu inakuwa hivi:

```
0.30 × 2,800 =   840
0.50 × 1,800 =   900
0.20 × 1,300 =   260
Jumla        = 2,000 kati ya mita 4,000
```

Mtaro umefika asilimia 50. Kati ya sabini ya mzee na hamsini ya futi kuna shilingi milioni 9.6, kwa kuwa kazi yote ya mtaro ni milioni 48. Hizo ndizo pesa zinazoingia kwenye ripoti kwa kumuuliza mtu badala ya kupima.

Kwenye matabaka ya barabara sheria ni kali zaidi, na nadhani inafaa iwe hivyo. Changarawe iliyomwagwa, ikasambazwa na greda na kupitiwa na rola bado haijachuma kitu mpaka fundi wa maabara apime mshindilio na kipande kile kipite. Kikifeli kinachimbuliwa, kinanyunyiziwa maji na kushindiliwa upya, na gharama inapanda mara mbili kwa kazi ile ile moja. Kilomita 2 zilizoko kwenye jedwali ni zile zenye karatasi ya maabara. Kuna mita kama 400 nyingine ambazo mpita njia angeapa kuwa zimekwisha, nazo kwenye hesabu yangu ni sifuri.

Sasa turudi kwa mhasibu, maana 110 nayo ina mambo yake.

Ukifungua daftari la benki utakuta kwa kazi hizi kampuni imelipa milioni 92, si 110. Hizo 18 nyingine ni ankara zilizoko kwenye droo: kukodi ekskaveta, dizeli ya Februari, mawe ya mtaro, mishahara ya wiki ya mwisho. Kazi ilishafanyika, mashine ilishachimba, ila mwenye mashine hajalipwa. Kwa hesabu hii ni gharama ya leo, hata kama itatoka mfukoni Juni. Anayechukua pesa iliyotoka benki akaiita gharama halisi anapata kitu cha ajabu: kadiri anavyochelewa kuwalipa watu, ndivyo mradi wake unavyoonekana kuwa na nidhamu.

Halafu kuna kokoto. Pale karibu na kambi kuna rundo la kokoto la milioni 6, limekaa kama kichuguu, watoto wanaliteleza jioni. Lilinunuliwa mapema kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Hatujalisambaza, kwa hiyo halijachuma chochote, na ndiyo maana sikulitia kwenye 110 pia. Linakaa kwenye hesabu ya stoo mpaka siku litakapoingia barabarani. Ukilitia upande mmoja wa mgawanyo na kuliacha upande wa pili, unaharibu kiashiria, juu au chini, kutegemea umekosea upande gani.

Na la tatu ndilo ninaloliona sana, hata kwa watu wenye digrii. Kila mwezi mkandarasi hupata hati ya malipo kutoka kwa mhandisi wa mwenye mradi, na ile hati ina jumla nzuri, iliyopigwa muhuri. Mtu anaona kwa nini ajisumbue na futi wakati thamani ya kazi imeshaandikwa. Anainakili. Lakini hati imeandikwa kwa bei ya mkataba, ambayo ina faida ndani. Kazi yetu ya 88 kwenye hati inasomeka 96.8. Tena mikataba mingi hulipia sehemu ya vifaa vilivyofika kazini, kwa hiyo tuseme zile milioni 6 za kokoto nazo zimo. Jumla ya hati inakuwa 102.8.

Tazama yanavyojijenga. Chukua 102.8 ya hati, igawanye kwa 92 ya benki, upate 1.12. Ripoti inaandikwa kwa rangi ya kijani: mradi unafanya vizuri kuliko bajeti kwa asilimia 12. Chukua 88 ya futi kwa 110 ya ankara zote, upate 0.80. Ni barabara moja, tarehe moja, na hakuna aliyeiba wala kughushi. Mmoja alichukua karatasi zilizokuwa karibu, mwingine alitembea kilomita 4.

Kwa hiyo nikiletewa ripoti yenye kiashiria cha gharama kizuri, swali langu la kwanza huwa bei iliyotumika ni ya bajeti au ya mkataba, na la pili ni ankara ambazo hazijalipwa ziko wapi. Hayo mawili hunitosha mara nyingi.

Tukishaamini 0.80, swali linalofuata ni la mwenye kampuni: mwisho wake itakuwa ngapi? Hesabu iliyozoeleka hugawanya bajeti nzima kwa kiashiria, yaani 240 kwa 0.80, ikatoa milioni 300. Maana yake ni kwamba kazi iliyobaki yote itaenda kwa uvivu ule ule wa iliyopita. Ukisema badala yake kwamba yaliyopita yamepita na kazi ya milioni 152 iliyobaki itagharimu vile vile ilivyokadiriwa, unapata 110 na 152, yaani 262. Mwenye kampuni ataipenda hii ya pili, kwa kuwa iko chini ya 264 ya mkataba kwa milioni 2, na atasema hatukupata faida lakini heshima tumebaki nayo.

Mimi sizipendi zote mbili. Zinaupima mradi kama uji, kana kwamba ladha ni moja kila unapochota. Rudi kwenye jedwali uone hasara imekaa wapi. Kambi imezidi kwa milioni 1, udongo kwa 2, changarawe kwa 4. Mtaro peke yake umezidi kwa 15. Kiashiria chake ni 24 kwa 39, yaani 0.62.

Sababu iko chini ya miguu. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani wa bara yake vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mabaki ya miamba ya baharini ya enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Ukienda Changamwe na Miritini unakutana na mwamba mwingine kabisa, ule wa tabaka tabaka unaooza ukawa mfinyanzi, lakini upande huu ni mchanga juu na matumbawe chini. Na matumbawe hayakai sawasawa kama sakafu. Unachimba mita 20 kwenye mchanga mlaini, hatua inayofuata sururu inalia na kurudi. Aliyekadiria bei alichimbiwa mashimo machache ya majaribio kando ya njia, yote kwa bahati yakaangukia mchangani, naye akaweka bei ya kuchimba udongo. Ikabidi ikodishwe mashine ya kuvunja mwamba, na mashine ile hulipwa kwa saa, iwe inavunja au imesimama inasubiri fundi wa maji aje kuhamisha bomba ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote.

Lami haina shida hiyo, kokoto haina shida hiyo. Kwa hiyo nabashiri kila kazi kwa tabia yake. Mtaro uliobaki wa milioni 24 nitauhesabu kwa 0.62 ule ule, maana sina sababu ya kuamini matumbawe yataisha, kwa hiyo utachukua 39. Changarawe iliyobaki ya milioni 16 kwa 0.80 itachukua 20. Kokoto, lami na kando za barabara, jumla 112, naziacha kwa bei ya bajeti.

```
110 + 39 + 20 + 112 = 281
```

Milioni 281 dhidi ya mkataba wa 264. Hasara ya 17. Hiyo si 300 ya kutisha wala 262 ya kubembeleza, na kila kipande chake kina sababu ambayo mtu anaweza kuja kuipinga akiwa na ushahidi. Akija na bei mpya ya lami kutoka kwa msambazaji, nitaibadilisha.

Kuna kipimo kingine cha kumwonyesha anayesema "tutafidia mbele". Kazi iliyobaki ni 152. Ili tusivuke 264 tunazo milioni 154 za kuimaliza, kwa hiyo kila shilingi kuanzia kesho lazima ichume senti 99. Miezi 6 tumekuwa tukichuma 80. Ili turudi kwenye 240 na faida yote, kila shilingi lazima ichume shilingi 1 na senti 17. Anayeahidi hivyo aulizwe ni mashine gani anayoijua yeye ambayo sisi hatuijui.

Ratiba nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye mtego. Mtu akikuuliza mmechelewa siku ngapi, huwezi kumjibu "milioni 32". Na SPI ina ulemavu wa kuzaliwa: barabara ikishakamilika, hata kama imechelewa miezi 3, kazi iliyochumwa ni 240 na iliyopangwa ni 240, na 240 kwa 240 ni 1. Kiashiria huanza kupanda chenyewe kuelekea mwisho wa mradi, kikimpa pongezi mtu aliyechelewa.

Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Walt Lipke, alipendekeza njia ambayo ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini ilichelewa. Badala ya kulinganisha shilingi kwa shilingi, uliza: kazi tuliyonayo leo, ratiba ilitaka iwe imekwisha lini? Kwenye mpango wetu, jumla ya mwisho wa mwezi wa 4 ilikuwa 68, na mwisho wa mwezi wa 5 ilikuwa 93. Kazi yetu ni 88, iko katikati ya hizo.

```
4 + (88 − 68) / (93 − 68) = 4.8
```

Leo ni mwisho wa mwezi wa 6, lakini kazi yetu ni ya mwezi wa 4.8. Tumechelewa mwezi 1.2, kama siku 36. Na 4.8 kwa 6 ni 0.80, kiashiria cha ratiba kilichopimwa kwa muda, ambacho hakitajipandisha chenyewe mwishoni. Mwendo ukibaki huu, miezi 12 inakuwa 15.

Lakini hata hiyo 15 haijui kalenda. Aliyepanga ratiba alitaka mtaro ufike asilimia 75 kabla ya Aprili kwa sababu anaijua Mombasa: masika huingia Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua kubwa kuliko yote. Mtaro uwe tayari ili maji yakija yapate njia. Sasa tunaingia Aprili na mtaro nusu, changarawe nusu, na kama kilomita 1.6 za udongo mtupu kando ya handaki lililo wazi. Maji hayatasoma SPI. Yatashuka kwenye handaki, yatakula ukingo, yatapanda kwenye changarawe ambayo haijafunikwa, na tabaka lililopita maabara Machi litafeli Mei.

Kwenye hesabu, milioni ya udongo uliokwisha ina uzito sawa na milioni ya mtaro ambao haujaanza, ingawa ni mtaro unaozuia kokoto na kokoto inayozuia lami. Timu yenye ujanja inaweza kupandisha SPI kwa wiki mbili, ikahamisha watu wote kwenye kazi nyepesi kama kusafisha kando za barabara, na tarehe ya mwisho isisogee hata siku moja. Kwa hiyo kiashiria nakisoma nikiwa na ratiba pembeni, kidole kwenye zile kazi ambazo zikikwama zote hukwama. Hapa ni moja tu, nayo ni mtaro. Kama ningekuwa na mashine moja ya kuongeza, ningeipeleka huko.

Mwenye kampuni, alipoishiwa na maswali, aliuliza la maana: hiyo 15 ya mtaro haiwezi kudaiwa? Inaweza, sehemu yake. Kama mwamba ni hali ambayo mkandarasi mzoefu asingeitarajia, au kama jedwali la bei lina mstari wa kuchimba mwamba, mhandisi anaweza kuikubali. Akikubali, bajeti na mpango hupanda pamoja kwa kiasi kilichoidhinishwa, na viashiria huhesabiwa upya kwa haki. Kabla ya sahihi yake mpango haubadiliki, hata mtu akiwa na uhakika gani. Nimeona mpango ukipandishwa kimya kimya kwa madai ambayo hayajajibiwa, mradi ukaonekana mzima kwa miezi 4, madai yakakataliwa, na hasara yote ikaangukia ripoti moja.

Na kuna saa inayogonga. Mikataba inayofuata masharti ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, humpa mkandarasi siku 28 za kutoa notisi tangu alipojua tatizo, au alipopaswa kulijua. Sururu ya kwanza ililia Januari. Notisi, tulipofungua faili, iliandikwa wiki iliyofuata, barua ya nusu ukurasa, na hilo likatuokoa. Kilichokosekana ni vipimo. Mita 1,300 zimeshafunikwa, na mwamba uliovunjwa mle ndani hakuna aliyeupima mbele ya mwakilishi wa mhandisi, kwa hiyo kilichobaki ni risiti za mashine na maneno. Mita 1,500 bado ziko wazi. Kesho asubuhi, kabla mafundi hawajaendelea na kurudishia udongo, kijana wa futi, mimi na mwakilishi wa mhandisi tunaanzia pale penye ubao wa kwenda dukani, tunapima mwamba mita kwa mita, na kila ukurasa unatiwa sahihi pale pale.